Hati ya mshahara kabla ya kadi za mchango

Kwa wachumba wa Tanzania wanaoajiriwa, mazungumzo ya pesa huanza vizuri kwenye hati ya mshahara. Mtu akisema analipwa 900,000, mara nyingi anataja mshahara wa msingi, na si ule unaoingia benki.

Chukua mfano wa mwalimu wa serikali anayelipwa kiasi hicho. Kodi, pensheni na bima ya afya vinaondoa takriban 164,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Akiwa na mkopo wa benki wa 230,000 kwa mwezi, anabaki na kama 371,000. Mkopo huo ukiwa umebakiza miezi 40, basi miaka mitatu ya kwanza ya ndoa imeshatengewa makato. Kwa hiyo la kuulizana ni kinachobaki mkononi na mwezi ambao kila kato litaisha.

Hata hivyo, hati hiyo haionyeshi kila kitu. Mikopo ya simu, kausha damu, rejesho la kikoba na deni la duka la mtaani havimo. Udhamini ndio unaosahaulika zaidi, kwa kuwa aliyemdhamini mwenzake kwenye sakosi hajioni kama mdaiwa mpaka mkopaji ashindwe kulipa. Taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu husaidia hapa. Fedha zikiingia tarehe 25 na kufikia tarehe 28 zimekwisha kwa marejesho, picha iko wazi.

Tofauti za matumizi nazo huonekana kwenye miamala hiyohiyo. Mmoja hutuma 60,000 nyumbani kila mwezi, mwingine huweka akiba na kutuma pale tu anapoombwa. Wote wawili wanasaidia wazazi, lakini wa pili humwona wa kwanza mfujaji, naye huonekana bahili. Ugomvi huo hupungua wakikubaliana kiwango cha kila upande, na kiasi ambacho hakuna anayekivuka bila kumwambia mwenzake. Sherehe nayo iingie humo, maana ahadi za michango hazitimizwi zote, na pengo la kamati mara nyingi huzibwa kwa mkopo wa bwana harusi.

Malengo ndiyo huishia kwenye hati za umiliki. Sheria ya Ndoa ya 1971 haifanyi mali ya mmoja kuwa ya wote kwa sababu tu wameoana. Kiwanja kikinunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa chake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kikiandikwa kwa majina mawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Wanaopanga kulipia kiwanja kwa mishahara miwili wakubaliane majina kabla ya kulipa awamu ya kwanza.