Malori ya mukuba yanapita kila siku, mbona sosiete inasema mgodi haulipi?

Kama unaishi Kolwezi unayajua malori yanayopanga mstari kwenye barabara ya Likasi, kathodi za mukuba zikiwa zimefungwa juu yake. Kisha siku moja unasikia sosiete inasema: mradi haulipi, tunapunguza, au tunafunga. Watu wanauliza, haulipi namna gani na mali inatoka kila siku?

Mara nyingine ni ujanja wa maneno. Lakini mara nyingine ni hesabu, na hesabu hiyo mtu wa kawaida anaweza kuifuata. Jambo la kushika ni hili: tani moja ya mukuba haina bei moja ya kizingiti. Iko na tatu, na anayesema "haulipi" lazima aseme anazungumzia kizingiti gani.

Tuanze na likelemba

Kwenye likelemba ya watu 10, kila mtu anatoa kiasi kilekile na kila mtu anapokea kiasi kilekile. Lakini nani anapenda kupokea wa mwisho? Pesa ya leo unaweza kuifanyia biashara. Pesa ya mwezi wa kumi unaingojea, na katikati mambo yanaweza kuharibika. Kwa hiyo pesa ya mbele haina uzito wa pesa ya leo.

Mwenye kuweka pesa kwenye mgodi anafikiri vilevile. Tuseme anataka asilimia 12 kwa mwaka, kwa sababu ya riba ya benki na hatari ya kazi. Basi kwake dola 112 za mwaka kesho ni sawa na dola 100 za leo. Anachukua pesa yote ambayo mgodi utaleta, mwaka kwa mwaka, anaipunguza hivyo mpaka iwe pesa ya leo, kisha anatoa pesa aliyotumia kujenga. Kinachobaki, wahasibu wetu wanakiita VAN. VAN ikiwa juu ya sifuri, mradi unalipa kupita alichotaka. Ikiwa chini, hapana. Ikiwa sifuri sawasawa, amepata asilimia 12 yake, si senti zaidi. Kizingiti tunachotafuta ni bei, au wingi wa tani, unaoifanya VAN iwe sifuri.

Tuhesabu kiwanda kimoja

Huu ni mfano wetu, si mgodi wa mtu fulani. Kiwanda kinajengwa kwa dola milioni 200. Kitatoa tani 20,000 za mukuba kila mwaka, kwa miaka 10. Kila tani inakula dola 4,000 za kuchimba, asidi, umeme na usafiri. Juu yake kuna milioni 20 kila mwaka za mishahara na ofisi, zinazolipwa hata kama hakuna tani iliyotoka. Jumla, matumizi ya mwaka ni milioni 100.

Tunaanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwa asilimia 12, dola moja inayokuja kila mwaka kwa miaka 10 ina thamani ya dola 5.65 leo, si dola 10. Basi ili kurudisha milioni 200, gawanya kwa 5.65: kila mwaka lazima ibaki milioni 35.4 mkononi, baada ya kulipa kila kitu.

Sasa kodi. Katika hiyo milioni 35.4, milioni 20 ni uchakavu wa kiwanda, yaani milioni 200 kwa miaka 10, na serikali haiutozi kodi. Inabaki milioni 15.4, ambayo lazima iwe imeshakatwa kodi ya faida ya asilimia 30. Kabla ya kukatwa ilikuwa milioni 22.

Jumlisha: matumizi milioni 100, uchakavu milioni 20, faida kabla ya kodi milioni 22. Ni milioni 142. Gawanya kwa tani 20,000, unapata dola 7,100 kwa tani. Lakini kabla pesa haijaingia, redevansi ya mukuba, asilimia 3.5, inakatwa kwenye mauzo yenyewe, faida iwepo isiwepo. Kwa hiyo gawanya 7,100 kwa 0.965. Jibu ni dola 7,357. Kwenye bei hiyo, ikikaa hivyo miaka yote 10, VAN ni sifuri.

Milango mitatu

Ukirudia hesabu bila ile milioni 22, unapata dola 6,218. Hapo bilansi ya mwaka inasema hakuna hasara, hakuna faida. Watu wengi wanafikiri hiki ndicho kizingiti. Siyo. Mwenye pesa kwenye bei hiyo anarudishiwa milioni 200 zake kidogo kidogo kwa miaka 10 bila kitu juu, kama mtu aliyepokea likelemba wa mwisho.

Toa na uchakavu pia, ubakize matumizi ya kila siku tu: dola 5,181. Huu ndio mlango wa chini. Kiwanda kikishajengwa, milioni 200 zimekwenda, kufunga hakuzirudishi. Bei ikiwa 6,000, mwenye mgodi anajua hatarudisha pesa yote aliyoweka, lakini kila tani bado inaacha kitu mkononi. Ataendelea kuuza. Ndiyo maana malori yanapita na sosiete inalia, na vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Kwa siye wakaaji tofauti hii ni kubwa. Juu ya 7,357, mtu atajenga kiwanda kipya. Kati ya 5,181 na 7,357, vilivyopo vinaendelea lakini vipya havijengwi. Chini ya 5,181 kwa muda mrefu, geti linafungwa, na redevansi inakatika nalo. Kwa kodi ya mgodi ya 2018, asilimia 15 ya redevansi ni ya jimbo dogo ambapo mgodi unafanya kazi, yaani komini, sekta au usultani, na asilimia 25 ni ya jimbo kubwa. Pesa hiyo inatoka kwenye mauzo. Inategemea mlango wa chini, si wa juu.

Siku 60 bila umeme

Bei inapangwa London na Shanghai. Lakini wingi wa tani unaamuliwa hapa. Tuseme bei ni dola 8,000. Baada ya redevansi inabaki 7,720, toa matumizi 4,000, kila tani inaacha 3,720. Mwaka unahitaji kubeba milioni 20 za mishahara na ofisi, milioni 20 za uchakavu na milioni 22 za faida kabla ya kodi: milioni 62. Gawanya kwa 3,720, unapata karibu tani 16,670.

Kiwanda kilijengwa kwa tani 20,000. Kikikosa tani 3,330 hivi kila mwaka, ambazo ni kazi ya siku kama 60, VAN imefika sifuri ingawa bei ni nzuri. Anayejua delestaji ya huku, na jinsi migodi inavyonunua umeme mwingine kutoka Zambia, anaona kwamba siku 60 si mbali.

Mutanda, 2019

Sasa mfano wa kweli. Mwezi wa 8 mwaka 2019 Glencore ilitangaza kwamba Mutanda itasimama, na mwisho wa mwaka ikasimama. Ilisema mgodi haulipi tena: bei ya kobalti imeanguka, asidi na vifaa vimepanda, kodi zimeongezeka. Mwaka 2018 mgodi huo ulikuwa umetoa tani 199,000 za mukuba na tani 27,300 za kobalti.

Gawanya, utaona kila tani ya mukuba ilitoka pamoja na kilo 137 za kobalti. Kwa hiyo kobalti ikishuka dola 10,000 kwa tani, kila tani ya mukuba inapoteza kama dola 1,370 za msaada. Mwanzoni mwa 2018 kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30,000. Ni anguko la 60,000, sawa na dola 8,200 kwa kila tani ya mukuba. Hata ukikata theluthi, kwa sababu kobalti yetu inauzwa kama hidroksidi kwa bei ya chini, inabaki karibu 5,500. Mukuba wenyewe wakati huo ulikuwa karibu 6,000. Mgodi ulipoteza msaada unaokaribia bei nzima ya mukuba wake.

Na redevansi je? Kodi ya 2018 iliipandisha ile ya mukuba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti ikawekwa kwenye asilimia 10. Kwenye kiwanda chetu cha mfano, kupanda huko kwa mukuba kunasogeza kizingiti kutoka 7,245 hadi 7,357, dola 112. Lakini mwenye pesa akiogopa nchi na kutaka asilimia 15 badala ya 12, kizingiti kinaruka hadi karibu 7,690, karibu dola 330 zaidi. Barabara mbovu, umeme wa wasiwasi na mikataba inayobadilishwa ovyo vinaweza kula kuliko redevansi.

Mahali hesabu inapodanganya

Tumeweka bei moja kwa miaka yote, na bei haikai hivyo. Mwezi wa 3 mwaka 2020 mukuba ulishuka chini ya dola 5,000. Mwezi wa 5 mwaka 2021 ulipita 10,000. Na mpangilio wa miaka una uzito: bei mbaya miaka 3 ya kwanza na nzuri baadaye inaweza kuiacha VAN chini ya sifuri hata kama wastani umepita 7,357, kwa sababu pesa ya mbele ni nyepesi. Tena kizingiti kinaonyesha umbali tu. Hakisemi uwezekano wa kuanguka.

Siku sosiete itakapokuja kwenye mkutano wa kaye ya masharti na kusema mradi uko kwenye mpaka, ulizeni mambo matatu: mpaka wa mlango gani, kwa tani ngapi kwa mwaka, na kwa asilimia ngapi ya mwenye pesa? Kisha ulizeni bei iliyoandikwa kwenye utafiti wa mradi. Kwa sheria ya 2018, bei ya soko ikipita ile kwa zaidi ya asilimia 25, kodi ya faida kubwa ya asilimia 50 inaingia. Aliyeandika bei ya juu kwenye utafiti ameisukuma kodi hiyo mbali. Basi asirudi kesho kuwaambia wakaaji kwamba alitegemea bei ya chini.