Hatua Tatu za Kwanza

Mwaka 1883 kilichapishwa Cambridge kitabu cha Francis Bashforth kuhusu umbo la matone ya vimiminika. Ili kulinganisha vipimo na nadharia, umbo la kila tone lilipaswa kukokotolewa kwa mkono, kipande baada ya kipande. Mbinu ya kufanya hivyo ilitoka kwa John Couch Adams, yule yule aliyewahi kukokotoa mahali ilipo sayari ya Neptuni kabla haijaonekana. Mbinu hiyo bado inatumika kwenye kompyuta, na ugumu wake mkubwa uko pale inapoanza.

Kikombe cha chai kinatosha kuionyesha. Chai ina nyuzi 85, chumba kina nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 60. Tuseme kila dakika chai inapoa kwa kasi ya sehemu moja ya kumi ya tofauti iliyobaki. Kwa hiyo mwanzoni inashuka nyuzi 6 kwa dakika. Kasi hiyo, ikichorwa kwenye grafu, ndiyo mteremko wa mstari.

Njia nyepesi kuliko zote ni ya Euler: chukua mteremko wa sasa, ufuate kwa dakika 2, kisha upime upya. Nyuzi 60 zinakuwa 48, halafu 38.4, halafu 30.72. Dakika ya 10 inafika na tofauti ya 19.66, ilhali jibu sahihi ni 22.07. Sababu iko wazi: ndani ya kila hatua chai inazidi kupunguza kasi ya kupoa, lakini Euler anashikilia mteremko mkali wa mwanzo wa hatua.

Adams aliona kwamba miteremko iliyokwisha kukokotolewa inaonyesha jinsi mteremko wenyewe unavyobadilika. Kwa nini itupwe? Kanuni yake ya hatua nne huchanganya mteremko wa sasa na mitatu iliyotangulia, h ikiwa urefu wa hatua:

```
y4 = y3 + (h/24)*(55*f3 - 59*f2 + 37*f1 - 9*f0)
```

Kila hatua inahitaji mteremko mmoja mpya tu. Kanuni mashuhuri ya Runge na Kutta, yenye daraja lile lile la usahihi, hukokotoa minne kila mara. Kwa chai hilo si kitu. Kwa mizunguko ya sayari, ambako kila mteremko unadai kujumlisha mivutano ya magimba yote, ni akiba kubwa.

Lakini kanuni ya Adams haiwezi kuanza yenyewe. Inataka thamani nne, na tatizo linatoa moja tu: nyuzi 60. Tatu zinazofuata lazima zitoke kwingine.

Mvivu atazichukua kwa Euler, akijiambia kwamba hatua tatu si nyingi. Adams akiendelea kutoka 30.72, dakika ya 10 inatoa 20.52. Hesabu zilizobaki zimefanywa kwa kanuni nzuri kabisa, na bado jibu limepotoka kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu. Thamani hizo tatu zikitafutwa kwa Runge na Kutta, yaani 49.12, 40.22 na 32.93, dakika ya 10 inatoa 22.08. Gharama ya ziada inalipwa mara tatu tu, kisha Adams anashika usukani.

Mwanzo mbovu hugunduliwaje iwapo jibu sahihi halijulikani? Punguza hatua kwa nusu, rudia, kisha punguza tena. Kwa hatua fupi za kutosha, kosa la kanuni hii hupungua takriban mara 16 kila hatua inapokatwa nusu. Iliyoanzishwa na Euler hupungua takriban mara 4 tu. Kwa hiyo majibu yakikaribiana polepole hivyo, mwanzo ndio wa kushukiwa kwanza.

Programu nyingi za leo zina ujanja mwingine: huanza na kanuni ya hatua moja kwa hatua fupi mno, kisha hupanda daraja kadiri miteremko inavyokusanyika. Ndivyo inavyofanya `ode113` ya MATLAB.

Kuanza huko hakuishii mwanzoni. Mtu akimimina maziwa baridi kikombeni dakika ya 10, miteremko ya nyuma ni ya chai nyingine. Kuichanganya na mipya ni kudanganya kanuni. Hapo historia yote inafutwa na kuanza upya. Kubadilisha urefu wa hatua nako kunaleta usumbufu, kwa sababu miteremko ya zamani haijapangwa kwa nafasi mpya.

Tena hatua ina kikomo chake. Katika mfano huu, ikizidi dakika 3, majibu ya Adams huishia kuruka juu na chini, kila mruko mkubwa kuliko uliopita, hata tofauti ikawa hasi: chai baridi kuliko chumba. Runge na Kutta, kwa chai hiyo hiyo, wanavumilia hatua ya karibu dakika 28 kabla majibu yao hayajaanza kukua badala ya kupungua, ingawa kwa hatua ndefu hivyo jibu lao nalo halifai kuaminiwa.