Yaishe ya barabarani, haki ya bima

Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita Songea yakigombea barabara na bajaji na pikapu za mahindi. Tuchukue mfano wa kubuni: pikapu imesimama Msamala kupisha watu wavuke, lori linaigonga kwa nyuma. Bodi limeingia ndani, chesisi imepinda. Trafiki anapima, anachora ramani. Kosa ni la lori.

Mwenye pikapu ana bima kubwa. Matengenezo ni shilingi 8,000,000, na mkataba unamtaka abebe 400,000 za mwanzo. Kampuni yake inalipa 7,600,000 bila kumngoja mwenye lori.

Deni la mwenye lori, hata hivyo, halijafutika. Bima ikishalipa, hushika nafasi ya mteja na kumdai aliyesababisha hasara. Hiyo ndiyo subrogesheni. Barua ya madai humfikia mwenye lori, kwa kuwa mwajiri hubeba kosa la dereva wake akiwa kazini, na yeye huipeleka kwa kampuni iliyomkatia bima ndogo, inayolipia hasara za watu wengine hadi kiwango cha mkataba wake. Wakikataa, kesi hufunguliwa kwa jina la mwenye pikapu, ingawa wakili ni wa bima. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kulipwa anaweza kushangaa kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Ile 400,000 nayo huingizwa kwenye madai, na ikipatikana humrudia.

Mambo huharibika pale pale kwenye vumbi la ajali. Dereva wa lori anatoa 500,000: "Kaka, yaishe, tusipelekane mbali." Mwenye pikapu anapokea na kutia saini kwamba hana madai tena, kisha kesho yake anakwenda bima. Kwa saini ile amekwisha kuisamehe haki ambayo kampuni ingeirithi, maana bima hairithi zaidi ya alichobaki nacho mteja. Kampuni inaweza kukataa kumlipa, au kumdai ilichopoteza. Kupeana namba za simu hakuna ubaya. Kinachoponza ni ile karatasi.

Je, mtu anaweza kulipwa na bima, kisha na mkosaji, akabaki na zote? Mwaka 1883, katika kesi ya Castellain na Preston, mahakama ya Uingereza ilikataa. Preston alikuwa akiuza nyumba yake Liverpool ikashika moto. Bima ikampa pauni 330, na baadaye mnunuzi akalipa bei yote. Akaamriwa kuzirudisha zile 330. Nyumba moja, hasara moja.

Kampuni nayo ina mipaka: haiwezi kujiwekea zaidi ya ilicholipa, wala kumgeukia mteja wake mwenyewe kwa ajali iliyomkatia bima. Bima ya maisha haimo kabisa katika utaratibu huu. Tena kuna saa inayohesabu: kwa sheria ya Tanzania, madai ya uzembe wa namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, ikihesabiwa tangu siku ya ajali, si siku bima ilipolipa.