Leso Zenye Majina ya Nyumbani

Ukiingia ukumbini utakutana kwanza na meza ndefu, na leso zenyewe ziko mbele zaidi. Juu ya meza hiyo vimepangwa vibao vya lino vilivyochongwa na wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya sekondari hapa Mombasa. Usivipite. Viinue, uvipapase kwa kidole. Palipoinuka ndipo panaposhika rangi, na palipochimbwa ndipo kitambaa kitakapobaki cheupe.

Mada waliyopewa wanafunzi ni fupi: mtengenezee mtu wa nyumbani kwenu leso, na jina lake ulitunge wewe. Jina hapa ni yale maneno yanayoandikwa juu ya pindo la chini. Sehemu nyingine mbili kila mnunuzi wa Mtaa wa Biashara anazijua, yaani pindo linalozunguka pande zote nne na mji ulio katikati. Zamani, kabla ya viwanda kuchukua kazi hii, leso za pwani zilipigwa chapa kwa mkono kwa vibao vilivyochongwa, na majina ya mwanzo mengi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo kazi ya watoto hawa ni njia ya zamani iliyorudiwa.

Kutoka mezani, pinda kushoto kwenye ukuta wa majaribio. Mimi hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, na nafurahi kwamba mwalimu wao hakuyaficha makosa. Kibao hugeuza kila kitu: kilicho kulia huangukia kushoto. Mwanafunzi mmoja alianza jina lake kwa neno MAMA, akalichonga kama linavyosomeka. Alipopiga chapa ikatoka AMAM. Kwa kuwa M na A hazibadiliki zikigeuzwa, kila herufi ilionekana sawa, naye akadhani amezipanga vibaya tu. Neno la pili, lenye L, ndilo lililomfumbua macho, maana miguu ya herufi hiyo ilielekea kushoto. Tangu hapo wote walianza kuandika jina kwenye karatasi nyembamba kwa penseli nzito, kisha wakailaza kifudifudi juu ya lino na kuisugua kwa kijiko. Alama ya penseli huhamia kwenye lino ikiwa imekwisha kugeuka, basi mchongaji huifuata ilivyo.

Pembeni mwa ukuta huo kuna kipande ambacho rangi yake imefifia kwa madoa. Kitambaa hicho hakikufuliwa kabla ya kupigwa chapa. Pamba mpya ya dukani huwa na wanga unaokifanya kitambaa kisimame vizuri, lakini huzuia rangi isipenye.

Sasa ingia katikati, zilikotundikwa leso kwenye kamba. Kila moja ina urefu wa sentimita 150 na upana wa 110. Tafuta ile ya buluu yenye korosho kwenye pindo. Aliyeichonga alitengeneza kibao cha mraba, sentimita 15 kila upande. Upande mrefu ulimkubali bila shida, vibao 10 kamili pamoja na pembe. Upande mfupi ukamgomea. Ukitoa pembe mbili hubaki sentimita 80, ambazo ni vibao vitano na sentimita tano zisizo na mwenyewe. Jaribio lake la kwanza, ambalo pia limetundikwa, linaonyesha korosho mbili zilizopandana hadi zikawa doa moja. Baadaye akachonga kibao chembamba cha sentimita tano, chenye mstari wa nukta tatu. Kitafute. Amekiweka katika kila upande mfupi, na ukisimama mbali utadhani nukta hizo zilikusudiwa tangu mwanzo.

Leso huuzwa kwa doti, na vipande viwili vya doti vinatakiwa vifanane. Mkono una shida kulifanya hilo. Rangi hupungua kwenye kibao, mgandamizo hubadilika mtu akichoka. Linganisha kila jozi, utaona kipande kilichopigwa chapa asubuhi na kilichomaliziwa jioni. Kwangu mimi tofauti hizo si kasoro. Ndizo zinazonionyesha mkono wa mtu.

Mwisho, soma majina. Mmoja amemwandikia bibi yake muuza mahamri: MOTO WAKO HUTUAMSHA. Mwingine, kwa shangazi: NJOO BILA KUBISHA. Yule wa MAMA alichonga upya jina lake lote, MAMA HALALI TUKIKOHOA, na leso yake ni nyekundu, karibu na mlango wa kutokea. Usishangae kuiona peke yake kwenye kamba. Doti ilikamilika, lakini kipande cha pili mama mwenyewe amekwisha kukivaa.