Fomani na Barua ya Siku 28

Kwenye saiti nyingi za Tanzania, anayelijua jengo kuliko wote si meneja mradi. Ni fomani. Yeye ndiye anayekumbuka nondo za nguzo ya kona zilifungwa lini, zege la juzi lilimwagwa saa ngapi, na kibarua yupi akitumwa mchanga harudi mpaka saa ya chai. Ndiyo maana mafomani wengi huamini kwamba kupanda kuwa meneja ni suala la kusubiri tu. Lakini umeneja si ufomani uliokuzwa. Ni kazi nyingine, na tofauti yake huonekana vizuri siku saiti inapopata shida.

Tuseme kampuni inajenga ofisi ya ghorofa sita kwa mkataba wa shilingi bilioni 9, kwa masharti ya FIDIC, Kitabu Chekundu cha mwaka 1999. Mkandarasi akichelewa kukabidhi kazi, mkataba unamkata asilimia 0.1 ya bei kwa kila siku, yaani milioni 9. Ripoti ya udongo ilisema maji yako mita nne chini. Wanachimba msingi, na kwenye mita mbili shimo linajaa maji.

Fomani hodari hatetereki. Anachimba kishimo pembeni cha kukusanyia maji na kuanza kusaka pampu. Inapatikana siku ya nne, na ya tano uchimbaji unaendelea. Mhandisi mkazi anayemwakilisha mwenye mradi alipopita alielezwa kwa mdomo, akatikisa kichwa, akaona ni kazi nzuri. Na kweli ni kazi nzuri. Ila katapila limekaa siku nne bila kazi kwa milioni 1.2 kwa siku, vibarua kumi wamelipwa elfu ishirini ishirini kwa siku hizo nne, na pampu itakodiwa siku 12 kwa laki moja na nusu kila siku. Jumla ni milioni 7.4. Na ratiba imerudi nyuma siku nne, ambazo mwisho wa mradi zinaweza kukatwa milioni 36.

Nani alipe? Kifungu cha 4.12 cha mkataba huo kinasema mkandarasi akikutana na hali ya ardhini ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia, anaweza kudai muda na gharama. Lakini kifungu cha 20.1 kinamtaka atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo hilo. Siku zikipita, haki imepotea, hata kama kila mtu aliyaona maji kwa macho yake. Kichwa cha mhandisi mkazi kilichotikiswa si maandishi.

Meneja mradi naye huanza na pampu hiyohiyo, lakini jioni ileile anaandika barua ya aya tatu: nini kimetokea, lini, na kwa kifungu kipi anatoa taarifa ya dai. Kiasi cha fedha hakihitajiki bado. Mchanganuo kamili una siku 42 tangu siku ileile ya kwanza. Anachohitaji kuanzia kesho ni kumbukumbu: katapila lilisimama saa ngapi, pampu ilifanya kazi saa ngapi, na karatasi hizo zisainiwe kila siku na pande zote mbili. Halafu anafungua ratiba. Hapo ndipo wengi huteleza. Ikiwa kazi ya msingi ilikuwa na nafasi ya siku kumi kabla haijaisukuma kazi inayofuata, basi siku nne hizi hazijachelewesha tarehe ya kumaliza, na muda hatapewa ingawa gharama anaweza kulipwa. Ikiwa kila kitu kinasubiri msingi, siku nne ni zake na milioni 36 hazikatwi.

Kwa hiyo fomani anayetaka kupanda ajifunze kwanza mkataba, ratiba na vipimo vya malipo. Hilo linawezekana hapohapo saitini. Aombe kushiriki kupima kazi ya mwezi kwa ajili ya cheti cha malipo, alinganishe zege lililomwagwa na lile lililoandikwa kwenye BOQ, kisha aulize tofauti imetoka wapi. Miezi sita ya kazi hiyo humfundisha mengi kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Kuijua kazi, hata hivyo, hakutoshi, na kosa si la bosi. Kampuni inapoomba zabuni ya serikali hutaja wataalamu wake wakuu, na kamati ya tathmini hukagua vyeti vyao, usajili wao na miaka yao ya uzoefu kama nyaraka za zabuni zinavyotaka. Zikitaka meneja awe mhandisi aliyesajiliwa, jina la fomani wa miaka ishirini asiye na shahada linaweza kuiangusha kampuni nzima. Bosi anaweza kukuamini kwa funguo za stoo na za gari, na bado asiweze kukuandika.

Ngazi yenyewe iko hivi. Fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa mafundi wenzake anaweza kupimwa na VETA chini ya mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, akapata cheti cha kuanzia. Stashahada ya ujenzi ni ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi, na ndiyo mlango wa chuo kikuu: mwenye stashahada hudaiwa wastani wa alama usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Nayo stashahada inatosha kumsajili mtu Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama fundi sanifu. Shahada ya uhandisi ujenzi ni miaka minne. Baada yake mhitimu husajiliwa kama mhandisi mhitimu na kupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, ndipo aombe usajili wa mhandisi kamili.

Hiyo ni miaka saba, na kwa mwenye watoto watatu si safari ya mchezo. Anayependa hesabu za fedha kuliko mahesabu ya nguzo na mihimili afikirie ukadiriaji majenzi, wenye bodi yake ya usajili. Asiyeweza kabisa kurudi shule aangalie kampuni za miradi binafsi, ambako mteja ndiye anayeamua na ngazi ya katikati ni saiti ejenti.

Kuna pia PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi ambacho siku hizi kinatangazwa kila mahali. Mwenye shahada ya miaka minne hudaiwa miezi 36 ya kuongoza miradi, mwenye elimu ya sekondari miezi 60, na wote saa 35 za mafunzo. Ni cheti kizuri, hasa kwa anayewinda kazi Ghuba au kwenye kampuni za nje. Ila hakimfanyi mtu kuwa mhandisi, na zabuni inayotaka usajili wa Bodi hakiifungui. Nisingemshauri fomani akitafute kabla ya stashahada.

Anayekiendea ajue kwamba fomu huuliza mradi mmoja mmoja: ulifanya nini, tangu lini hadi lini, na nani anathibitisha. Baadhi ya waombaji huchaguliwa bila mpangilio kukaguliwa, na wakubwa wao wa zamani hutakiwa kutia saini. Kampuni za ujenzi hufungwa na mameneja huhama. Basi kabla saiti haijakabidhiwa, mwombe meneja barua inayotaja bei ya mkataba, tarehe, na kazi ulizoziongoza wewe mwenyewe, igongwe muhuri siku hiyohiyo.