Gunia Moja, Wachezaji Wanane

Januari 2019, kikundi cha watengenezaji wa Kichina kiitwacho Drodo Studio kilitoa mchezo uliojengwa ndani ya Dota 2, kikauita Dota Auto Chess. Miezi michache baadaye, Juni mwaka huohuo, kampuni ya Riot Games ikatoa wa kwake, Teamfight Tactics, na huo ndio tutakaoufuata katika sura hii, hasa katika msimu wake wa kwanza, kwa sababu kanuni zake zilikuwa bado chache na zinaonekana wazi.

Wachezaji ni wanane, kila mmoja na bodi yake na uhai wa pointi 100. Kila raundi unapewa dhahabu na duka lenye mashujaa watano. Unanunua unaowataka, unawapanga kwenye bodi, kisha muda unaisha na mikono yako haina kazi tena: mashujaa wanapigana wenyewe. Ukishindwa, unapunguziwa uhai kulingana na hatua ya mchezo na idadi ya maadui waliobaki wamesimama. Anayebaki mwisho ndiye mshindi.

Mtu anayeutazama mara ya kwanza hudhani ushindi huamuliwa kwenye pambano, kwa kuwa hapo ndipo panapowaka moto na kelele. Ukweli ni kwamba pambano linatangaza tu matokeo ya maamuzi yaliyokwisha kufanywa dukani, na duka lenyewe si bahati nasibu ya mtu mmoja. Mashujaa wote wanaouzwa hutoka katika gunia moja linalochotwa na wachezaji wote wanane. Nakala niliyoinunua mimi haipo tena kwako, mpaka niiuze au nitolewe mchezoni.

Tuingie kwenye mfano. Katika msimu ule wa kwanza kila shujaa alikuwa na ukoo na fani. Ukoo mmoja uliitwa Noble, nao ulikuwa na mashujaa sita: Garen, Vayne na Fiora wa dhahabu 1, Lucian wa 2, Leona wa 4, na Kayle wa 5. Ukiweka watatu wa ukoo huu bodini, mmoja wa wapiganaji wako, anayechaguliwa kwa kubahatisha, anapata kinga ya mwili na kujiponya kila anapopiga. Ukiweka wote sita, jeshi lako lote linapata baraka hiyo.

Angalia pengo lililoko kati ya tatu na sita. Noble wanne wanakupa kilekile wanachokupa watatu, na watano vilevile. Nakala mbili za Garen nazo zinahesabiwa kama Noble mmoja, kwa hiyo huwezi kulijaza pengo kwa kurudia jina. Mtu mwenye Noble watano amebeba wapiganaji wawili ambao, kwa upande wa ukoo, hawamletei chochote, na wa sita anayemsubiri ni Kayle, Noble ghali kuliko wote na adimu kuliko wote. Jeshi la namna hii ama linakuwa ukuta usiobomoka ama linavuja raundi baada ya raundi. Hatua ya katikati haipo, na ndiyo sababu wachezaji wengi walioshika njia ya Noble mapema walikufa wakiwa na watano.

Aliyejua kazi yake alibaki na Noble watatu wa bei nafuu, akajaza nafasi nyingine kwa wapiganaji wenye nguvu wa koo nyingine, akamweka Leona kwenye benchi kama amempata, akasubiri. Hakuligusa jeshi lake mpaka Kayle alipotokea. Subira hiyo nayo ina gharama, kwa kuwa Leona aliyekaa benchi ni dhahabu 4 zisizopigana wala kuzaa riba.

Riba ni jambo la kuelewa kabla ya kuendelea. Kila dhahabu 10 ulizoweka akiba zinakuzalia dhahabu 1 mwisho wa raundi, hadi kikomo cha 5. Kwa hiyo ukiwa na 50 umefika juu kabisa, na chochote kinachozidi hapo hakina sababu ya kulala. Kuzungusha duka, yaani kufuta mashujaa watano waliopo na kuletewa wengine, ni dhahabu 2. Kununua uzoefu ili upande kiwango ni dhahabu 4 kwa pointi 4. Kiwango ndicho kinachoamua unaruhusiwa mashujaa wangapi bodini, na pia bei gani za mashujaa zinakuja dukani kwa wingi kiasi gani. Katika viwango vya chini shujaa wa dhahabu 5 haonekani kabisa. Anayezungusha duka kumtafuta Kayle akiwa kiwango cha 5 anachoma dhahabu yake bure.

Sasa tuseme uko kiwango cha 8, una dhahabu 50, una Noble watano, na unamtaka Kayle. Nafasi hasa za duka zimebadilishwa mara nyingi kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo tuchukue takwimu za kufanyia hesabu: kila nafasi ya duka ina asilimia 5 ya kuleta shujaa wa dhahabu 5, mashujaa wa bei hiyo ni sita, na kila mmoja ana nakala 10 ndani ya gunia. Jumla ni nakala 60, na kumi kati yake ni Kayle.

Nafasi moja ya duka kuwa Kayle ni 0.05 × 10/60, kama asilimia 0.83. Duka zima lenye nafasi tano linakupa takriban asilimia 4. Ukizungusha mara kumi umetumia dhahabu 20 na umeona nafasi hamsini, na uwezekano wa kumwona Kayle walau mara moja ni kama asilimia 34. Tena akiba yako imeshuka hadi 30, na riba imeshuka kutoka 5 hadi 3.

Kabla ya kubonyeza, tembelea bodi za wengine. Tuseme mmoja ana Kayle wa nyota mbili na mwingine ana Kayle wa nyota moja. Nyota mbili hutengenezwa kwa nakala tatu, kwa hiyo nakala nne zimeshatoka. Zimebaki sita kati ya 56, na mizunguko ileile kumi sasa inakupa kama asilimia 24. Bei haikubadilika, lakini bidhaa imekuwa adimu zaidi.

Kinyume chake kinawashangaza wengi. Tuseme hakuna mwenye Kayle, ila wapinzani wamechukua nakala kumi na mbili za mashujaa wengine wa dhahabu 5, akina Swain, Yasuo na Karthus. Gunia la bei hiyo limebaki na nakala 48, na kumi bado ni Kayle. Mizunguko kumi sasa inakaribia asilimia 41. Wapinzani waliojenga majeshi ya kutisha wamekuondolea takataka kwenye gunia bila kujua. Mchezaji anayetazama bodi zao kwa hofu tu anaona hatari, lakini anayehesabu anaona pia kwamba huu ndio wakati wa kuzungusha.

Ndiyo maana swali la kujiuliza mwanzoni ni hili: ni wangapi wanataka kile ninachokitaka? Garen na Vayne wa nyota moja wakionekana kwenye bodi tatu katika raundi za awali, njia ya Noble imeshafungwa nusu, hata kama duka lako linakubembeleza. Dalili ya pili huja baadaye, pale unapozungusha mara nyingi na shujaa wa dhahabu 1 unayemhitaji haji ilhali bei yake ndiyo inayojaa dukani. Hapo usilaumu bahati. Nenda kahesabu nakala zilizoko kwenye bodi na benchi za wenzako.

Kayle akija, jeshi linajikamilisha kwa namna ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote za msimu ule. Garen na Kayle wote ni Knight, na Knight wawili wanapunguza madhara ya mapigo ya kawaida kwa jeshi zima. Nafasi ya saba mpe Braum, ambaye ni Glacial na Guardian. Leona naye ni Guardian, na hao wawili wakiwa pamoja wanawapa kinga wenzao waliosimama jirani. Nafasi ya nane mpe Ashe, Glacial na Ranger, anayekamilisha jozi ya Glacial pamoja na Braum na jozi ya Ranger pamoja na Vayne. Mashujaa wanane, faida tano zimewashwa, na hakuna hata mmoja asiye na kazi.

Lakini faida ya Guardian inategemea ujirani, na hapo mpangilio unaingia. Ukimtupa Leona peke yake mbele kwenye kona, kinga yake inamwagika hewani. Leona na Braum wakae mstari wa mbele katikati, Garen na Fiora wakiwagusa ubavuni. Kayle na Lucian wasimame nyuma ya Leona na Braum, wakiwa bado wanawagusa. Vayne na Ashe wabaki mstari wa mwisho.

Sasa fikiria mmebaki wawili, na mpinzani ana Blitzcrank. Huyu ni Robot, na faida ya Robot ni kuanza pambano akiwa na mana iliyojaa. Uwezo wake ni kumvuta adui aliye mbali naye kuliko wote. Maana yake ni kwamba mara tu pambano linapoanza, anayekaa mbali zaidi anajikuta katikati ya adui. Ukimficha Vayne kwenye kona ya nyuma, umemkabidhi.

Tazama Blitzcrank amesimama wapi. Mnapokabiliana, kulia kwake ni kushoto kwako. Akiwa kulia kwake, aliye mbali zaidi ni yule wa kona yako ya nyuma upande wa kulia. Basi mwondoe Vayne pale, mlete upande wa kushoto pamoja na Ashe, na ile kona mpe Garen. Atavutwa Garen, mwenye ngozi ngumu na baraka ya Noble, atazungukwa na kupigwa na jeshi zima, na sekunde wanazozitumia kumwangusha ni sekunde ambazo Vayne anapiga bila kuguswa.

Mpinzani anayejua naye anakutazama. Katika sekunde za mwisho za kupanga atamhamisha Blitzcrank upande wa pili, na Vayne atakuwa ndiye wa mbali. Hapa hakuna hesabu inayokupa jibu la uhakika. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha uhamisho wako hadi karibu na mwisho, na kuhakikisha kwamba kona zote mbili za nyuma zina mtu unayeweza kumpoteza: Garen kulia, Fiora kushoto, na Vayne na Ashe wamebanwa katikati. Kufanya hivyo kunamwondoa Garen ubavuni mwa Leona na kumnyima kinga ya ujirani, na mstari wa mbele unakuwa mwembamba. Dhidi ya Blitzcrank inafaa kulipa bei hiyo. Mpinzani huyohuyo akiwa na Assassin badala yake, wale wanaoruka hadi nyuma pambano linapoanza, utahitaji Garen na Fiora wawe bega kwa bega na Vayne, si kila mmoja kwenye kona yake.