Kutoka ngazi za kimia hadi orodha moja

Kichujio cha FIR huzidisha sampuli za sauti, ya sasa na zilizopita, kwa vizidisho vyake, kisha huzijumlisha. Kikijengwa kwa muundo wa kimia, kila ngazi ina namba moja ya uakisi. Tuseme ni 0.5, 0.2 na 0.5.

Ngazi ya kwanza hutoa 1, 0.5. Ongeza sifuri mwishoni, igeuze orodha kinyumenyume, izidishe kwa 0.2, ijumlishe na ile ya awali: 1, 0.6, 0.2. Rudia kwa 0.5: 1, 0.7, 0.5, 0.5.

Wengi hukosea kwa kuandika juu ya orodha ya zamani kabla hawajamaliza kuisoma. Hapo kizidisho cha tatu huwa 0.55. Namba ya mwisho, ambayo lazima ilingane na uakisi wa mwisho, haitalifichua kosa hilo.